Wenzako Wakishasema Yako: Urudie, Uwaunge Mkono, Uchimbe au Uhame?

Namba Tano alipomaliza kuzungumza, Namba Sita aliitazama karatasi yake ndogo, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya paja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, kwenye jopo, na nilielewa kilichompata. Yote aliyopanga kusema kuhusu nafsi yake yalikuwa yameshasemwa, na zamu yake ilikuwa imefika.

Ulikuwa usaili wa kikundi kwa nafasi ya afisa mikopo katika chama cha akiba na mikopo. Wasailiwa walikuwa 8, kila mmoja amebandikwa namba kifuani, na swali la kwanza lilikuwa lile la siku zote: "Jieleze kwa dakika 2. Wewe ni nani, na kwa nini tukupe kazi hii?" Tukaanza kwa mpangilio wa viti. Wa kwanza akasema ni mchapakazi. Wa pili akasema ni mchapakazi na mwaminifu. Wa tatu akasema anaweza kufanya kazi chini ya presha bila kusimamiwa. Wa nne alikuwa na miaka 4 ya uwakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Wa tano naye wakala, tena ana stashahada ya uhasibu. Namba Sita alikuwa na stashahada hiyo hiyo na miaka 3 ya uwakala, na baadaye aliniambia kwamba kwenye ile karatasi aliandika maneno matatu: mchapakazi, mwaminifu, presha.

Kwa mtu aliyefika hapo, njia ni nne. Anaweza kurudia kama alivyopanga. Anaweza kuwaunga mkono waliotangulia akafupisha. Anaweza kubaki kwenye jambo lile lile lakini akalichimba hadi kwake mwenyewe. Au anaweza kuliacha akahamia jambo jingine. Nitazilinganisha nikimtumia huyu huyu Namba Sita, kwa sababu ukilinganisha njia kwa watu tofauti unaishia kulinganisha watu.

Kurudia kama ulivyopanga

Wengi wanaikimbia njia hii kwa aibu, na wakati mwingine wanakosea kuikimbia. Fomu ya jopo letu ilikuwa na safu moja kwa kila msailiwa, na vipengele kama elimu, uzoefu, kujieleza na kushirikiana na wengine, kila kipengele alama 1 hadi 5. Fomu hiyo haijali nani ametangulia. Kama Namba Sita ana stashahada ya uhasibu na asiitaje kwa kuwa Namba Tano ameshaitaja ya kwake, kwenye safu yake hakuna kitu cha kuandika. Nimewahi kuona mtu mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote mezani akipewa 2 kwenye uzoefu, kwa sababu aliona haya kusema "nami pia". Wasifu wake ulikuwa kwenye faili, lakini usaili ulipoanza hakuna aliyelifungua tena lile faili.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, tenganisha mambo mawili. Kuna taarifa na kuna sifa. Taarifa ni jambo linaloweza kuthibitishwa kwa karatasi au kwa simu moja: kiwango cha elimu, miaka ya kazi, leseni, lugha unazozungumza, mahali unapoishi. Sifa ni jina unalojipa: mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, mwepesi wa kujifunza. Taarifa irudie bila wasiwasi hata kama watu watano wametaja mfano wa hiyo, kwa sababu stashahada ya Namba Tano haikufanyi wewe uwe nayo. Iseme kwa sentensi moja na usiiombee radhi.

Sifa ni habari nyingine. "Mchapakazi" ya kwanza niliiandika. Ya pili niliiandika kwa kifupi. Ya tatu kalamu yangu haikuinuka, na nilipochungulia karatasi ya mwenzangu kushoto niliona vistari viwili vya "kama juu" chini ya neno la kwanza. Sifa ikirudiwa haiongezeki, inapungua hata kwa yule aliyeianza. Msikilizaji anaanza kuisikia kama salamu.

Kuna sababu ya sifa kugongana kiasi hiki, na si kwamba watu hawana mawazo. Watafiti wa saikolojia Hans Alves, Alex Koch na Christian Unkelbach walieleza mwaka 2017 kwamba mambo mema hufanana kuliko mabaya. Katika mizani nyingi, uzuri unakaa kwenye sehemu nyembamba katikati, na ubaya unaenda pande zote mbili. Afisa mikopo mzuri si mpole mno wala mkali mno, si mwepesi wa kuidhinisha wala mzito mno. Mbaya anaweza kuwa mbaya kwa upole, kwa ukali, kwa haraka au kwa uzembe. Watu 8 wakitakiwa kusema uzuri wao kwa ajili ya kazi moja, wanachota kwenye kisima kidogo kile kile. Kwa hiyo ukikuta yako yamesemwa, usidhani umeibiwa. Ulikuwa umechagua maneno ambayo kila mtu angeyachagua.

"Kama alivyosema mwenzangu"

Hii ndiyo njia tuliyolelewa nayo. Kwenye mikutano yetu mtu husimama akasema "itifaki imezingatiwa" asirudie kuwataja wakubwa wote waliopo, na msemaji wa tano husema "mengi yameshasemwa na walionitangulia, sina la kuongeza" na watu wakamshukuru kwa dhati. Ni adabu. Inaonyesha ulikuwa unasikiliza, na inawapunguzia watu muda wa kukaa kwenye viti.

Mahali pake pa kweli ni utambulisho wa semina. Chukua semina ya watu 24 waliokaa kwa umbo la U. Kila mmoja akitumia dakika 2, utambulisho peke yake unakula dakika 48 na chai ya saa nne inapoa. Kila mmoja akitumia nusu dakika, ni dakika 12. Pale hakuna anayetoa alama. Kazi ya utambulisho ni moja tu: watu wakienda kwenye chai, kila mmoja ajue amfuate nani kwa jambo gani. Kwa hiyo mtu wa ishirini akisema, "Naitwa fulani, mimi na kaka pale dirishani tunatoka kituo kimoja, yeye yuko maabara na mimi niko dawa, nimekuja kujua wenzetu mnatunzaje kumbukumbu za dawa zinazokaribia kuisha muda," amefanya vizuri kuliko aliyeanza. Amejiegemeza kwa mwenzake, amejitenga naye kwa neno moja, kisha ametaja anachokitafuta. Hicho anachokitafuta ni kitu ambacho waliotangulia hawawezi kumsemea.

Kwenye usaili njia hiyo hiyo inaumiza. Namba Sita angesema hivi:

"Shikamooni. Kama alivyosema kaka yangu Namba Nne, nami ni wakala, na kama alivyosema Namba Tano, nina stashahada ya uhasibu. Mengine wenzangu wameyaeleza vizuri. Ni mwaminifu na mchapakazi. Asanteni."

Hapo hajafikisha hata robo ya muda wake, na nusu ya huo aliotumia ameutumia kuwatangaza wengine. Kila alipomtaja Namba Nne, macho ya jopo yalikwenda kwa Namba Nne. Kisha amejifunga kwenye maneno ya mtu asiyemjua. Namba Nne akibanwa kwenye swali la pili na ikaonekana miaka yake 4 ilikuwa ya kumsaidia shemeji siku za Jumamosi, yule aliyesema "kama alivyosema kaka yangu" anashuka naye.

Mimi mwenyewe niliitumia njia hii nikiwa kijana, kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza niliyoikosa. Nilikuwa wa saba kati ya tisa. Nilidhani ninaonyesha heshima. Bado namkumbuka mwenyekiti wa jopo akiwa ameshika kalamu hewani, ananitazama, akisubiri niendelee. Sikuendelea. Miaka mingi baadaye, nilipokaa upande wake wa meza, ndipo nilipojua alikuwa ananipa nafasi.

Kuchimba pale pale

Turudi kwa Namba Sita. Baada ya kuikunja karatasi alikaa kimya kama sekunde tatu. Kisha akasema takriban hivi, na ninaandika kwa kufuata nilichokiandika siku ile:

"Shikamooni. Nina stashahada ya uhasibu na nimefanya uwakala miaka 3. Namba Nne ameeleza uwakala upande wa wateja. Mimi naomba nieleze upande wa kufunga hesabu jioni, kwa sababu naona ndio unaofanana na kazi hii. Mtaji wangu ulikuwa milioni 1 na nusu. Kila jioni, floti iliyomo kwenye simu ukijumlisha na taslimu iliyomo kwenye droo, lazima irudi milioni 1 na nusu. Siku moja floti ilikuwa 640,000 na taslimu 870,000. Imezidi 10,000. Hela ikipungua kila mtu anatafuta. Ikizidi, ndiyo mtihani. Nilirudi kwenye daftari nikapiga mstari chini ya miamala yote ya kuweka pesa. Nikakumbuka mzee mmoja aliyeweka 50,000 kwa noti mpya, na noti mpya zinagandana. Nikampigia. Alikuwa ameshahesabu kwake, akaona pungufu, lakini hakujua imepotelea wapi. Asubuhi alikuja kuichukua. Tangu siku ile noti mpya nazihesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia upande wa nyuma."

Hakutumia neno "mwaminifu" hata mara moja. Kwenye karatasi yangu niliandika: "10,000 imezidi, alipiga simu." Kwenye safu ya Namba Mbili, ambaye alisema ni mwaminifu kwa kinywa chake, kulikuwa na neno "mwaminifu" peke yake. Tulipofika kujadili jioni, na watu 8 wameanza kuchanganyika kichwani, Namba Mbili ilibidi nimtafute kwenye picha ya pasipoti. Namba Sita, mwenzangu mmoja alimwita "yule wa noti mpya".

Tazama alichofanya kwa mpangilio. Taarifa zake amezitaja kwa sentensi moja, ingawa zilikuwa zimeshatajwa na wengine, ili safu yake isibaki tupu. Amemgusa Namba Nne kwa sentensi moja, na hapo kipengele cha kushirikiana kimepata cha kuandikwa, kwa sababu msailiwa anayeonyesha amemsikia mwenzake ni adimu kuliko inavyodhaniwa. Kisha ameugawa uwakala vipande, akachukua kipande kimoja ambacho hakikuguswa. Uwakala ni neno kubwa. Ndani yake kuna kutunza floti isiishe siku ya mishahara, kuna mteja aliyetuma pesa kwenye namba isiyo yake akarudi analia, kuna kufunga hesabu, kuna kumkatalia jirani anayetaka kutolewa pesa leo alipe kesho. Namba Nne na Namba Tano walikuwa wametaja jina la nyumba. Yeye aliingia chumba kimoja.

Na chumba alichokichagua si cha bahati nasibu. Afisa mikopo anakusanya marejesho ya kila wiki kutoka vikundi, na jioni pesa aliyoleta lazima ilingane na orodha ya wanakikundi. Mwanakikundi akilipa zaidi kwa bahati mbaya na afisa akanyamaza, daftari la kikundi na la ofisi yanaanza kutofautiana kidogo kidogo, na siku ya ukaguzi hakuna anayejua ni la nani lenye ukweli. Wanajopo wanne kati ya watano tuliokaa pale tulikuwa tumewahi kukusanya marejesho kwa mikono yetu. Alizungumza na hofu tunayoijua.

Njia hii ina gharama zake. Inahitaji jambo lililotokea kweli, lenye kiasi, lenye siku na lenye mtu mwingine ndani yake, na jambo la namna hiyo haliji kichwani ndani ya sekunde tatu kama hukulitafuta nyumbani. Inakula muda vilevile. Kwa anayeongea bila haraka, dakika 2 ni kama maneno 200 na kitu, na kisa hicho kinachukua zaidi ya nusu. Huwezi kuchimba sifa tatu. Unachimba moja, na zile mbili unaziacha ziende. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanaanza kisa, kinaponoga wanakumbuka hawajasema wanafanya kazi chini ya presha, wanakikatiza, na hakuna kinachobaki kamili.

Pia kuna kisa kinachoonekana kimechimbwa na hakijachimbwa. "Siku moja kulitokea tatizo kazini, nikalishughulikia kwa uaminifu mkubwa hadi bosi akanisifu." Kipimo chake ni rahisi. Jiulize kama mtu aliyekaa kiti cha jirani anaweza kusema sentensi hiyo hiyo bila kudanganya. Akiweza, bado uko juu juu. Namba Tano naye alikuwa wakala, lakini hakuwa na mzee wa noti mpya.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya niipende njia hii kwa watu wetu. Wengi tumefunzwa kwamba kujisifu ni kujikweza, na mtu akilazimishwa kusema "mimi ni bora" sauti yake inashuka, macho yanakwenda mezani. Ukisimulia jambo ulilofanya, unakuwa msimuliaji, na hiyo kazi tunaiweza tangu utotoni. Sifa anaitoa anayesikiliza.

Kuhamia jambo jingine

Namba Saba alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na wasifu mzuri. Nadhani alipomsikia Namba Sita aliona mlango umefungwa, akaamua kupita kwingine. Akasema: "Mimi nitakuwa tofauti kidogo na wenzangu. Mimi ni mtu wa msimamo sana, wakati mwingine hata watu wananiona mkali, na nikikasirika huwa siwezi kuficha. Lakini ni mkweli."

Kimya kikatanda. Alikuwa amepata tofauti aliyoitafuta, ila aliipata upande usiofaa. Yale niliyoyaeleza kuhusu kisima kidogo cha uzuri yanakuja kumnasa mtu hapa. Mema yakishachukuliwa na waliotangulia, na mtu akitaka kwa nguvu asifanane nao, kilichobaki kingi na chenye rangi nyingi ni kasoro. Nimewasikia wa mwisho mwisho wakitaja usingizi mzito, hasira, kusahau majina, kutopenda mikutano, na hakuna aliyewauliza. Wa kwanza kwenye mzunguko huwa hafanyi hivyo, kwa kuwa mema yote bado yako mbele yake. Ukijikuta unaanza na maneno "mimi nitakuwa tofauti kidogo", simama ujiulize tofauti hiyo inaenda wapi.

Kuhama kwingine kunakoharibu ni kwenda kwenye jambo jema lisilohusu. Kuimba kwaya ni jambo zuri, na kwenye semina ya siku tano huenda ndilo litakalokupatia marafiki. Kwa jopo linalotafuta afisa mikopo, ni nusu dakika iliyopotea, labda kama wewe ndiwe mweka hazina wa hiyo kwaya na unaweza kueleza mlivyonunua kinanda kwa michango ya wiki.

Kuhama kunafaa pale tu unapokuwa na taarifa, si sifa, ambayo hakuna aliyeitaja, na ambayo kazi yenyewe inaihitaji. Hapo ni njia ya haraka kuliko kuchimba, maana taarifa haihitaji kisa kirefu. Nitairudia njia hii kupitia Namba Nane.

Kwa nini Namba Tano hakumsikia Namba Nne

Jambo hili lilinisumbua kwa miaka kabla sijajua lina maelezo. Namba Tano alizungumza mara tu baada ya Namba Nne, na aliyasema mambo ya Namba Nne karibu neno kwa neno, bila hata kuonyesha kwamba anajua anarudia. Wenzake walitazamana. Jopo likadhani ni kiburi. Tulipomuuliza baadaye Namba Nne alisema nini, hakukumbuka.

Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner aliwapa watu maneno, wakayasoma kwa sauti kwa zamu, kisha akawapima kumbukumbu. Watu walikumbuka vibaya hasa maneno yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yao. Akili ilikuwa imeshahamia kwenye kujiandaa. Maana yake kwa anayejieleza ni kwamba mtu unayemfuata moja kwa moja, ambaye hatari ya kumrudia ni kubwa kuliko wote, ndiye ambaye huenda hukumsikia.

Kwa hiyo maamuzi yafanyike mapema, mtu wa pili kabla yako akiwa anaongea. Na ili yaweze kufanyika mapema, nyumbani usiandae hotuba. Hotuba moja ikigongwa mahali pamoja inaanguka yote. Andaa visa vitatu vya kweli, na kila kimoja ukipe jina la neno moja au mawili kwenye kikaratasi. Cha Namba Sita kingeandikwa "noti mpya". Cha pili labda "jirani aliyetaka mkopo". Cha tatu "siku ya mishahara". Wenzako wanapozungumza, kazi yako ni kukata tu: kilichoguswa kikatwe, kilichobaki ndicho chako. Mtu wa pili kabla yako akimaliza, chagua, kunja karatasi, kisha msikilize unayemfuata kwa masikio yote mawili, kwa sababu sentensi yako ya kwanza huenda ikamhitaji. Akigusa kile ulichochagua, bado una kingine.

Usivisimulie visa hivyo kwenye benchi la kusubiria. Nasema hili kwa uchungu. Siku nyingine, kwenye usaili tofauti, dada mmoja alitujia nje baada ya kumaliza akilia, akasema aliyetangulia kuingia amesimulia kisa chake cha mteja aliyeleta hati ya kiwanja cha kaka yake kama dhamana, kisa alichomsimulia yeye dakika 20 kabla wakiwa wanapeana moyo. Hatukuwa na namna ya kupima nani mkweli. Yeye alipoingia alikitaja tena, akasema kimeibwa, na dakika zake zote zikaisha kwenye lawama. Angekuwa na cha pili, angekitumia na kunyamaza kuhusu cha kwanza. Aliyechukua kisa cha mtu mwingine anajulikana kwenye maswali ya kufuatia: ile hati ilikuwa ya eneo gani, kaka aligunduaje, ulimwambia nini mteja. Kwa bahati mbaya yule wa kwanza hakuulizwa, na hilo ni kosa letu tuliokaa mezani.

Wa mwisho

Namba Nane alifikiwa saa sita kasoro. Wanajopo wawili walikuwa wanatazama simu. Mwenyekiti akamwambia, "Kijana, muda umetubana, tumia dakika 1." Elimu, uzoefu, uaminifu, uwakala, presha, hata kufunga hesabu, vyote vilikuwa vimepita.

Akasema: "Shikamooni. Nina cheti cha uhasibu na mwaka 1 wa kukusanya ushuru wa soko. Wenzangu wana elimu kunizidi. Lakini nimewasikia wote saba na hakuna aliyetaja usafiri. Nina leseni ya pikipiki, na nimekulia kata hizi mnazokopesha. Vikundi vyenu viwili viko ng'ambo ya mto. Barabara ya kule inakatika masika, na mtu akisubiri maji yapungue marejesho ya wiki mbili yanalala. Kuna njia ya juu, ya kupitia kwenye mashamba ya mkonge. Ni ndefu kwa saa 1, ila haikatiki."

Alikuwa ametumia sekunde 50 hivi. Mwanajopo wa mikopo, ambaye asubuhi nzima hakuuliza swali, aliweka simu chini akavuta kiti. "Hiyo njia ya mkonge," akasema, "pikipiki inapita hata tope likiwa limejaa?"